Mama Mbula na Ile Karatasi ya Alama

Kavata watu wa Kathonzweni walimjua kama Mama Mbula. Mwaka wa tisini na nne alikuwa karani wa mradi wetu wa maji, na alikuwa anashika pesa ya kikundi cha akina mama wa kanisa. Mambo yake hayakuwa mengi. Anakuja ofisi saa mbili, anafuta meza na leso, anaanza kukagua makaratasi. Mimi nilikuwa kwa komiti kuwakilisha vijana. Shule niliachia darasa la saba, lakini mdomo nilikuwa nao, na hasira.

Mwaka huo tulikuwa tunatafuta fundi wa kujenga matangi matatu. Watu watatu waliomba tenda: Ndeti wa Kalamba, Kiema wa hapa kwetu, na Salim wa Kitui. Tangazo lilisema uzito wa kila kitu: bei arobaini, uzoefu thelathini, vifaa ishirini, muda kumi. Komiti inampa mtu alama juu ya kumi kwa kila kitu, unazidisha na uzito, unagawa kwa kumi, halafu unajumlisha. Mia ndio mwisho.

Ijumaa tulikubaliana alama, nikaambiwa ninakili kwa karatasi moja kubwa kwa sababu mwandiko wangu ni msafi. Nikapiga mistari na rula, nikahesabu. Kiema sabini na nane, Ndeti sabini na mbili, Salim sabini na moja. Jioni, na tulikuwa tumekatazwa kusema, nikamwambia Kiema kwa hoteli. Akaninunulia chapati mbili.

Jumatatu Kavata akakataa kupeleka karatasi kwa mwenyekiti.

"Muli, hii haiko sawa," akasema. "Ndeti ndiye wa kwanza."

Ndeti. Na Ndeti amemuoa dada ya bwana ya Kavata, kila mtu anajua. Sikungoja aeleze. Nilisimama soko, mbele ya duka la fundi wa nguo, nikasema karani wa maji amekula kitu kidogo, hongo ya shemeji yake. Nilisema kwa nguvu. Mtu akiuliza, narudia.

Jumatano akina mama walimwambia awape ufunguo wa sanduku la kikundi mpaka maneno yaishe. Akawapa. Hata hakuuliza ni nani alisema.

Alhamisi komiti ikaketi. Mzee Muthama, mwenyekiti, akanisukumia karatasi.

"Wewe ndiye una maneno. Tuonyeshe."

"Naonyesha, mzee. Mtu achague jina lolote."

"Chagua wewe," Kavata akasema.

Nikachagua Salim, kwa sababu alama zake ni rahisi. Bei kumi. Uzoefu tano, vifaa tano, muda sita. Nikazidisha na uzito wa tangazo: arobaini, kumi na tano, kumi, sita. Sabini na moja. Kama vile niliandika.

"Mmeona?" nikasema. "Mama Mbula, ulikuwa unatafuta nini hapo? Tenda ya shemeji?"

Watu wawili wakacheka. Kavata akangoja wamalize.

"Salim ana tano na tano," akasema. "Hata ukibadilisha, hesabu inabaki. Sasa fanya Kiema. Soma kwanza kichwa cha safu."

Nikasoma. Bei, vifaa, uzoefu, muda. Vifaa nilikuwa nimeandika mbele ya uzoefu. Lakini uzito juu nilikuwa nimeuweka vile ulikuwa kwa tangazo, thelathini halafu ishirini. Vifaa vikabeba thelathini ya uzoefu.

Kiema: bei nane, uzoefu sita, vifaa tisa, muda saba. Thelathini na mbili, kumi na nane, kumi na nane, saba. Sabini na tano. Nikarudia. Sabini na tano.

Ndeti: bei nane, uzoefu tisa, vifaa tano, muda saba. Thelathini na mbili, ishirini na saba, kumi, saba. Sabini na sita.

Nikachukua raba nifute. Hakuna mtu alicheka.

"Usifute," Kavata akasema. "Piga mstari mmoja, andika ya ukweli kando, weka sahihi na tarehe. Mwenye alikosea ndiye anaweka."

Nikaweka mahali nne, kila moja jina langu: mbili za uzito, kila moja juu ya safu, na jumla mbili chini, ya Kiema na ya Ndeti. Mzee Muthama alikuwa anaangalia mkono wangu.

"Na maneno ya soko," akauliza, "hayo utayapigia mstari wapi?"

Jumamosi nikaenda kwa akina mama, wako nje ya kanisa na Kavata ameketi nyuma, bila sanduku. Nikasema mimi ndiye nilichanganya safu, Mama Mbula hakula kitu ya mtu.

Mama Kalunde, mwenye sasa alikuwa na ufunguo, akashika sikio.

"Soko ulisema tukasikia mpaka kwa posho mill, tukisaga unga. Leo sauti imeenda wapi?"

Nikasema tena, kwa nguvu. Halafu nikaenda mpaka kwa fundi wa nguo, nikasema hapo pia, watu wakiwa wamejaa. Kiema alikuwa hapo. Akaenda zake.

Akina mama walitaka kumrudishia Kavata ufunguo siku hiyo hiyo. Alikataa kuushika. Alisema sanduku limezoea Kalunde.

Jumatatu nikampata ofisi anafuta meza. Nikasimama mlangoni.

"Ingia, Muli," akasema. "Kuna karatasi ya saruji ya kukagua. Soma kichwa cha safu kwanza."