Nyumba "Kubwa" ya Mzee Karangwa

Spès alikuwa komisiyoneri wa nyumba, yaani dalali, kazi aliyoianza mwaka uleule alipohamia Kigali kutoka Bujumbura alikokulia. Ofisi hakuwa nayo. Alikuwa na simu mbili, viatu vya raba na daftari lililochakaa. Upande wa Kicukiro alijua hadi mageti yenye mbwa wakali. Lakini mwezi huo wateja watatu walikuwa wamemkimbia mmoja baada ya mwingine.

Jumatatu alipigiwa na Mzee Karangwa, fundi magari mstaafu aliyekulia Mwanza. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka, maneno yakitoka polepole.

"Nataka nyumba kubwa, ya bei nafuu, mahali pazuri. Na iwe haraka, mke wangu anaumwa."

"Nimekuelewa, Mzee," Spès akajibu, na kweli aliamini ameelewa.

Siku hiyo alimwonyesha nyumba ya vyumba vinne. Mzee alisimama kwenye kikorido, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Ndogo." Ya pili ilikuwa ya faranga laki moja na ishirini elfu kwa mwezi, ukuta umeota ukungu. Mzee hakuingia hata ndani. Jumanne akampeleka kwenye nyumba yenye bustani ya maua, juu ya ngazi tisa za mawe. Mzee alizihesabu ngazi kwa sauti, kisha akageuka na kurudi barabarani.

"Wewe mama unanichezea!" alifoka. Mikono ilikuwa inamtetemeka. "Nilikuambia nyumba kubwa! Nilikuambia pazuri!"

Usiku huo Spès hakupata usingizi. Alimwona mteja wa nne akipotea, na zaidi ya hapo aliiona ile mikono. Mtu hatetemeki hivyo kwa sababu ya bustani.

Jumatano asubuhi alimwomba wakutane kwenye kantini moja karibu na hospitali. Mzee alikuja, akakaa bila kuvua kofia. Spès aliagiza chai ya maziwa na kufungua ukurasa mpya wa daftari.

"Mzee, kosa ni langu. Uliposema kubwa, mimi nilisikia vyumba vingi. Ile ya Jumatatu ilikuwa na vyumba vinne, na wewe ukasema ndogo. Nini pale kilikuwa kidogo?"

Mzee alizungusha kikombe.

"Milango," alisema mwishowe, akitazama meza. "Mke wangu, Kabagwira, amepata kiharusi. Anatoka hospitali keshokutwa, Ijumaa, kwenye kiti cha magurudumu. Nyumba yetu ya Kimisagara iko chini ya ngazi arobaini. Hawezi kurudi kule."

Wiki zote sita mkewe alizokaa hospitalini, Mzee hakuwahi kulitamka neno "kiti" mbele ya mtu wa nje. Spès alitaka kumpa pole ndefu, lakini siku zilikuwa mbili tu. Akasema pole fupi, akauliza kiti kina upana gani.

Walikwenda wodini kupima. Sentimita sitini na nne, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwepo aliwaambia wasisahau mikono inayosukuma: mlango ukiwa wazi kabisa, nafasi iliyobaki isipungue sabini na tano. Spès akaandika 75.

Wakarudi kwenye chai yao.

"Sasa nafuu," Spès alisema. "Nikikuambia laki moja na nusu kwa mwezi?"

"Hiyo ni nafuu."

"Laki mbili?"

"Ningelipa."

"Laki mbili na nusu?"

"Hapana! Hiyo siiwezi."

"Laki mbili na ishirini?"

Mzee alifikiri. "Laki mbili na kumi. Hapo nasimama."

Spès aliona haya. Siku mbili alikuwa akimpeleka kwenye nyumba za laki na kitu, kwa kuwa kwake yeye neno nafuu liliishia hapo.

"Na pazuri? Unataka maua?"

"Maua ya nini? Kabagwira anapenda kukaa nje aone watu wanapita. Apate mahali tambarare mlangoni, pa kuweka kiti. Ngazi moja sawa, nitamnyanyua."

"Na haraka?"

"Ufunguo kesho saa sita mchana, nihamishe kitanda kabla ya Ijumaa."

Spès alimsomea yote, jambo baada ya jambo, na baada ya kila moja akauliza, "Ni hivyo, Mzee? Au nimekosea?" Kisha akaomba Kabagwira naye asomewe. Mzee alisita, lakini akampeleka.

Kabagwira alisikiliza akiwa ameegemea mto. Maneno yalimtoka kwa shida, ila akili ilikuwa palepale.

"Ngazi moja hapana," alisema. "Mgongo wako... umeusahau? Hata moja. Na mlango wa choo... upimeni pia."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza. Spès akafuta "moja", akaandika "hakuna".

Mchana huo alipiga simu kumi na moja. Aliwaomba wenye nyumba wapime milango yao, wengine wakamcheka, mmoja akamkatia. Saa kumi alipata nyumba ya laki moja na themanini, tambarare kabisa, ufunguo upo tayari. Aliingiza tepu ya kupimia kwenye mlango wa choo. Sitini na nane.

Alipima tena. Sitini na nane. Kiti kingepita, alijiambia. Vidole vya Kabagwira vingekwaruzika kidogo tu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya jina la Mzee kwenye simu. Kisha akawaza ni nani atakayekuwa akikwaruzika kila asubuhi, na hiyo "kidogo" ni ya nani. Akafunga mlango, akaondoka. Njiani aliendelea kupiga simu.

Alhamisi saa mbili asubuhi, huko Busanza, mwanamke aitwaye Leila alimfungulia nyumba ya matofali isiyo na ngazi, yenye kibaraza cha saruji kinachotazama njia. Milango yote sabini na sita, na wa choo pia. Lakini Leila alitaka laki mbili na thelathini, na mpangaji aliyekuwamo alikuwa akihama jioni.

Spès alibembeleza hadi mate yakamkauka. Leila alishuka mpaka laki mbili na kumi, ila saa ya kuhama hakuweza kuibadilisha. Spès hakumwamulia Mzee. Alimpigia.

"Mzee, yote uliyosema yapo, isipokuwa saa. Ufunguo utapatikana saa kumi na mbili jioni, si saa sita. Utakubali, au nitafute tena?"

"Gari la kubeba kitanda nitalisogeza. Milango umeipima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara mbili."

"Basi chukua."

Ijumaa karibu na saa tano teksi ilisimama getini. Spès alikuwa amefika mapema, akapima mlango mara ya tatu bila sababu. Mzee alisukuma kiti polepole. Kabagwira alipita sebuleni, akaenda chumbani, kisha chooni, mikono ikiwa juu ya magurudumu, wala hakuna ukuta ulioigusa. Akaomba apelekwe kibarazani. Hapo alikaa, akamsalimia kwa Kinyarwanda mwanamke aliyepita na ndoo, na mwanamke akasimama kuongea naye.

Spès aliketi sakafuni karibu na mlango.

"Binti yangu," Mzee alimwambia, "umekula leo?"

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajala tangu jana.