Folda ya Zambarau

Siku nilipomwona yule dada kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama katikati ya studio ya picha, miwani imepanda juu ya kichwa, anamgombeza bosi wake kama mtoto. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuja kuomba kona ya nyuma niwe natengenezea fremu, nikakuta moto unawaka.

"Bosi, picha ya bibi harusi iko wapi? Ile ya ngazini."

"Sijaitupa," bosi akasema. "Nimeitoa tu kwenye ile folda yako ya njano. Folda imejaa mpaka inatia kichefuchefu."

"Ile si sanduku, bosi. Ile ni dirisha. Ukimtupia jiwe mtu unayemwona dirishani, anayeumia ni yeye, si dirisha."

Akakaa kwenye kompyuta ya Mac, akafungua pipa la taka, akaikuta picha na kuirudisha ilikotoka. Bosi akainua mikono miwili. "Haya mama, nimekoma."

Hapo ndipo aliponigeukia. "Na huyu bubu anataka nini?"

Neno pekee lililonitoka ni "fremu". Tangu siku hiyo jina langu likawa Fremu.

Kazi yake ilikuwa kusafisha na kupanga picha. Mume wake ndiye aliyekuwa mpiga picha wa studio, mtu mrefu, mchekeshaji, asiyejua kupanga hata soksi zake. Alikuwa akirudi na kadi za kamera mfukoni zimechanganyikana na peremende, anammwagia mkewe mezani. Mke anazipakia kwenye folda za wateja, kila harusi na yake, kila mahafali na yake. Kisha anaanza kuzipaka rangi. Nyekundu ni picha ambayo haijaguswa. Njano inasubiri neno la mteja. Kijani imekwisha chapishwa. Kwenye skrini rangi ni kidoa tu kando ya jina la picha, lakini kidoa kile ndicho kilichoendesha studio nzima.

Mimi niliishia darasa la saba, na kompyuta naiona kama ng'ombe wa jirani: naijua sura, siijui tabia. Yeye alinieleza bila kunicheka, siku moja nilipomletea fremu aikague.

"Picha inalala kwenye folda ya mteja wake, kaka Fremu. Haitoki pale. Hii ya pembeni ndiyo folda janja, na haina kitu ndani. Ni swali nililolihifadhi. Nikiifungua, inauliza mashine nzima: zenye njano ziko wapi? Mashine inaniletea nizione. Nikiiondolea picha kidoa cha njano, inatoka humu palepale, lakini kule kwao bado ipo."

"Kwa hiyo picha iko mahali pawili?"

"Iko mahali pamoja. Inaonekana pawili. Kama wewe: uko nyuma unagonga misumari, lakini huku mbele tunakusikia." Akacheka. "Tunasikia misumari tu, maana sauti yako hatuijui."

Ningependa kusema nilimjibu kitu cha maana. Nilichukua fremu yangu nikarudi nyuma.

Mume wake alifariki msimu wa mvua, kifua. Kiliingia kama mafua, kikatoka na mtu. Aliporudi kazini baada ya matanga, alifunga kilemba cheusi na hakumgombeza bosi tena hata bosi alipokosea. Studio ikapoa. Wateja waliingia wakisema taratibu kama wako hospitalini.

Kilichomuumiza zaidi nilikijua kwa dada yake, aliyekuja kumchukua jioni moja. Walitafuta picha ya marehemu ya kuweka ukutani, wakakosa ya maana. Kinyozi hajinyoi. Miaka yote yule bwana alikuwa nyuma ya kamera. Nyumbani kwao kulikuwa na picha zake za kitambulisho tu, amekodoa macho kama aliyekamatwa.

Ndipo akaanza kumtafuta kwenye picha za wateja. Alifungua harusi moja baada ya nyingine, si picha walizopewa wateja bali zile zilizokataliwa. Mpiga picha akitokea kwenye kioo cha saluni nyuma ya bibi harusi, picha hiyo haipewi mteja. Kivuli chake kikiangukia keki, inawekwa kando. Mtoto wa kwenye sherehe akinyakua kamera na kumpiga picha yeye akicheka mdomo wazi, nani atainunua? Zote hizo zilikuwa zimelala kwenye folda za harusi, hazijafutwa. Kila aliyoipata aliipa kidoa cha zambarau. Kisha akatengeneza folda janja nyingine: alama iwe zambarau, aina iwe picha, itafute kwenye mashine yote. Akaiweka juu ya skrini, peke yake kwenye kona.

Kila asubuhi kabla ya kazi aliifungua. Nikipita na mbao zangu nilimwona yule bwana ametapakaa skrini nzima, kwenye vioo, kwenye vijiko, kwenye madirisha ya magari yaliyopambwa maua. Mara nyingi nusu ya uso wake imefichwa na kamera.

Nilimwuliza kwa nini asizinakili aende nazo nyumbani. Hilo lilinigharimu siku nzima ya kujikaza.

"Si zangu," akasema. "Huyu ni bibi harusi wa watu, kakaa na gauni la ndani anapakwa poda. Yeye na mama yake walituamini. Nikitoka na picha ile mfukoni nimekuwa mtu gani? Mimi namwangalia mume wangu hapa hapa, picha za watu ziko kwao."

Bosi alimwambia mara kadhaa achukue tu, alikataa. Alikuwa mkaidi kwa jambo alilolishika, na hilo alilishika kwa mikono miwili.

Baadaye ukaja mgongo. Alikaa na mto kiunoni, halafu na mito miwili, halafu akawa hakai. Ikaonekana si mgongo. Walipomlaza, wodi ya wanawake, ghorofa ya juu, madaktari walizungumza na dada yake kwenye korido, na dada alirudi kitandani amenawa uso.

Studio nayo ilikuwa inakata roho. Watu wanajipiga picha wenyewe kwa simu. Bosi akapata wa kununua vifaa, taa, mapazia, Mac pamoja na diski yake ya akiba yenye nakala za kila kitu, kwa sharti kwamba vyote viwe vimefutwa safi. Bosi hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kukubali alimpigia simu mgonjwa, mimi nikiwa nafungasha mbao zangu. Aliiweka simu sauti ya juu.

"Mama, mashine inaondoka. Sasa zile za marehemu?"

Kisha tukasikia sauti, nyembamba lakini ni yake. "Nitolee, bosi. Nimeshindwa na nafsi yangu. Mungu na wale mabibi harusi wanisamehe."

"Hata usijali. Nakuwekea kwenye flashi."

"Ifungue kwanza, uchague zote, ndipo…" Akakohoa. Dada yake akachukua simu akasema apumzike.

"Najua, najua," bosi akajibu simu iliyokwisha kukatika.

Akachomeka flashi, akaishika ile folda ya kwenye kona, akaiburuta mpaka kwenye flashi. Ikaingia mara moja, hata kabla hajavuta pumzi. Hakuamini.

"Fremu, njoo uwe shahidi. Nisije nikalaumiwa." Akafungua flashi, akaibofya folda iliyoko humo. Wakajaa! Marehemu wa kwenye kioo, marehemu wa kwenye kijiko, marehemu mdomo wazi. Bosi akashusha picha mpaka chini, akarudi juu. "Umeziona?"

"Nimeziona," nikasema. Na kweli tuliziona.

Jioni ile mnunuzi alikuja. Mashine na diski vikafutwa mbele yake, vikawa vitupu kama vimetoka dukani. Tulipofika hospitali bosi akanikabidhi flashi kwenye bahasha. "Peleka wewe. Nitaegesha gari nije nyuma yako."

Nilimkuta ameinuliwa kwa mito. Alikuwa amekonda mpaka miwani ikamzidi uso. Dada yake alikuwa pembeni na Mac ndogo ya nyumbani mapajani. Nilipotoa bahasha, mgonjwa alicheka, kicheko kile cha zamani.

"Kaka Fremu! Leo umekuja na maneno au misumari?"

"Nimekuja na shemeji," nikasema. Sijui nililipata wapi. Alifurahi hata akanipiga mkono.

Akachomeka flashi mwenyewe. Folda ikatokea, ile ile, na alama yake ndogo ya gurudumu la meno. Kidole chake kikasimama. Hakuifungua. Aliangalia uzito wake kwanza, na uzito ulikuwa kama wa barua fupi. Mimi nilidhani anavuta pumzi ya furaha.

Kisha akaifungua.

Kulikuwa na picha moja. Koti la kijivu limetundikwa nyuma ya kiti.

"Zingine zinakuja?" dada yake akauliza.

"Hazina pa kutoka," akasema. "Hili koti lake nililipiga picha nyumbani, nikaiweka humu nikitaka kuliuza, nikaipa kidoa cha zambarau, nikaghairi." Akanigeukia, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Bosi amebeba swali, kaka. Kule studio alipoifungua, ilikuwa inauliza mashine ya studio. Hapa inauliza hii. Hii inajua koti tu."

"Tulihakikisha," nikasema. "Tulimwona."

"Mlimwona, naam. Mashine iko wapi?"

"Imeuzwa."

"Imefutwa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Na diski ya akiba? Nikatikisa tena. Dada yake akasema basi twende kwa wateja, wao wanazo picha. Yeye akasema taratibu kwamba wateja wanazo zile zisizokuwa na mume wake. Ndiyo maana walipewa.

Hakulia. Alilikuza lile koti likajaa skrini, akaliangalia mabega, mfuko uliolegea upande mmoja. Nje ya dirisha watu walikuwa wanavuka barabara na vikapu vya chakula cha wagonjwa. Nilitaka kusema nitazunguka mji mzima, nitagonga kila mlango. Nilisema, "Dada…" nikaishia hapo.

Simu yangu ikalia. Bosi. Amepata pa kuegesha, anapanda ngazi, anauliza kama amezipenda. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyelipa fadhila. Nilishika simu mbali na sikio, mgonjwa akaisikia yote.

Baada ya siku ile sikumwona tena akiwa hai. Dada yake alinipigia kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo haya ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Aliifunga Mac, akaisukuma chini ya shuka, akajifuta uso na kujitengeneza kilemba kama mtu anayepokea mgeni. Hatua za bosi tayari zilikuwa koridoni.

"Mwambie zimefika zote," akasema. "Na wewe jikaze, kaka, usije ukanichongea kwa huo uso wako."