Tangazo la Walimu wa Watoto

Asubuhi ile nilitoka Ukunda na begi langu bila kujua ningelala wapi. Nilishuka Kibuyuni kwa sababu nilitaka kuona mwani unavyoanikwa. Kabla sijauona, niliona tangazo kwenye ukuta wa msikiti, nami karatasi ya ukutani siipiti bila kuisoma.

Madrasa ilitaka walimu wawili wa kujitolea, mmoja mwanamke. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Wadhamini wawili, mmoja kutoka madrasa uliyofundisha mwisho. Kiboko marufuku. Mwalimu hatabaki peke yake na mtoto, wala hatamtuma nyumbani kwake. Akiona jambo, ataliripoti siku hiyo hiyo.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini Qur'ani naisomesha, na kila nilikopita nimepewa mkeka wa kulala madrasani. Nikamwendea mwalimu mkuu, mama wa makamo, nikamwamkia shikamoo.

"Mimi nitalala papa hapa darasani, ustadha. Sina makuu."

"Hapa halali mtu. Tangazo umelisoma, au umetazama wino?"

Akanipa fomu. Nilipofika kwenye nafasi ya mdhamini wa madrasa ya mwisho, niliiweka kalamu chini.

"Mmegombana na mwalimu wa huko?"

"Hapana."

Nikamweleza. Kule bara nilikofundisha mwisho, kila Alhamisi baada ya masomo ustadhi mkuu humwita mtoto mmoja chumbani kwake amfulie nguo. Sote tuliiita khidma, yaani utumishi, kwamba mtoto anapata baraka za mwalimu wake. Mlango hufungwa. Kuna mtoto mmoja, zamu yake ilipokaribia, alianza kulia tangu Jumatano. Nilimwona. Wiki ile ile nikafunga begi.

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Sikuwa na hakika."

"Kwa hiyo wewe ulihama, mtoto akabaki." Hakupandisha sauti. "Hakika si kazi yako. Kazi yako ilikuwa kusema."

Akampigia afisa wa watoto, akanitia simu mkononi. "Sema ulichokiona. Usiongeze chumvi."

Nilisema. Afisa aliandika namba yangu ya simu, jina la madrasa, umri wa mtoto, siku, na kwamba kesho ni Alhamisi. Akanikataza kumpigia ustadhi au kumuuliza mtoto chochote. Akasema atawasiliana na wenzake wa kule leo, na huenda akanihitaji tena.

"Na fomu yangu?" nilimuuliza mama yule. Aibu ilinishika hata kabla sijamaliza.

"Kamati itaisoma, cheti kikipatikana. Na kunyamaza kwako watakuuliza, ujue. Sasa nenda nyumba ile ya mabati mapya. Mwenyewe analima mwani, ana chumba cha kupangisha."

Mwenye nyumba alinionyesha kitanda cha kamba na akaniambia mtandao unashika dirishani tu. Nikaiweka simu pale, nikaketi kando yake nikimngoja afisa. Hadi usiku haikulia.