Chupa Ghali Niliyomuuzia Dada Yangu

Mwaka uliofuata mafuriko makubwa nilikuwa na duka la dawa Garsen. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Tarasaa akiwa na mimba ya miezi sita, viganja vyake vyeupe. Kliniki walikuwa wamempa vidonge vya kuongeza damu, vya bure, lakini vilimchafua tumbo na kumfungisha choo, akaviacha.

"Nitafutie kizuri," aliniambia.

Wiki hiyohiyo wakala kutoka Mombasa alikuwa ameniletea chupa za vidonge za aina tatu, kila moja na neno lake kubwa: chelated, liposomal, time-release. Sikuelewa hata moja. Nilimchagulia dada chupa ile ya mwisho, ya time-release, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote, na ghali kwangu ilimaanisha bora. Alilipa bila kubisha. Alikunywa miezi miwili, kila siku, wala tumbo halikumsumbua.

Kliniki walipompima tena, damu ilikuwa imeshuka zaidi. Muuguzi, mama mmoja mpole, aliniita, akaigeuzageuza ile chupa.

"Madini ya chuma mwili huyachukua mwanzoni mwa utumbo," alisema. "Kidonge hiki kimetengenezwa kiachie dawa polepole. Nyingi inatoka ikiwa imeshapita hapo. Ndiyo maana tumbo lilitulia, kaka. Hakikuwa kinamfanyia kazi."

Nilimuuliza kuhusu zile nyingine mbili.

"Chelated ni chuma kilichofungwa na kipande cha protini. Hicho huwa laini tumboni. Vya bure vikimshinda mtu kabisa, hata akivinywa baada ya chakula, sioni ubaya akikilipia. Liposomal ni dawa iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta. Pengine inaingia mwilini vizuri kidogo, lakini hiyo yako ni ya vitamini C, si ya chuma, na vitamini C imo kwenye ndimu za sokoni."

Dada alirudia vidonge vya bure, akivinywa baada ya chakula na kuiweka chai mbali, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Lakini muda ulikuwa umebaki mdogo. Alipojifungua alitokwa na damu nyingi, na mwili haukuwa na akiba. Walimkimbiza Malindi, akaongezewa damu. Mtoto alipona. Yeye alikaa kitandani wiki nyingi, hana nguvu hata ya kumpakata mwanawe.

Shemeji yangu alinikuta nje ya wodi.

"Ulijua kile kidonge kinafanyaje kazi?"

"Sikujua."

"Basi ulimuuzia nini?"

Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

Dada alinisamehe kwa maneno, ila hakununua tena hata panadol dukani kwangu. Watu hudhani baada ya hapo nilizitupa zile chupa. Sikuzitupa. Niliziuza zote zilizobaki, kwa watu ambao sikuwajua, na walipouliza maana ya yale maneno niliwaambia ni dawa ya kisasa.