Fundi wa friji anayelea mtoto kwa lugha asiyoijua vizuri

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Karakanani kwake, Fundi amepiga magoti nyuma ya friji refu jeupe, anachomelea bomba la shaba lililotoboka. Pembeni, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, amekaa binti yake wa miaka minne, na mkononi ana nati ndogo aliyoiokota sakafuni.

Anaigeuza, anailamba. Kisha anaipeleka puani.

Fundi anaona. Anafungua mdomo, halafu anakwama. Neno la pua analo, na la kuingiza analo pia. Anachokosa ni namna ya kuyaunganisha ili yawe katazo. Anazima moto wa gesi, anachukua simu na kumpigia shangazi yake, dada wa marehemu baba yake.

"Shangazi, nikitaka kumwambia mtoto asiingize kitu puani, nasemaje?"

Shangazi anasema. Fundi anarudia. Anaambiwa amepandisha sauti mahali pa kushusha, arudie tena. Anarudia. Wakati huo mtoto ameshaitupa nati na anawasikiliza wakubwa wawili wakibishana juu ya pua yake.

Hivi ndivyo anavyolelewa huyu mtoto, ambaye majirani wamempa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Baba yake humsemesha kwa lugha ya kwao, lugha ambayo yeye mwenyewe alianza kujifunza kuisema alipokaribia miaka arobaini.

"Watu hudhani naijua ndiyo maana namfundisha," anasema huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Mimi nimemtangulia hatua mbili tu. Na akikimbia ananipita."

Fundi ni kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita. Ukitaka kujua jinsi lugha inavyoondoka, anasema, usiende mbali, wapange wao sita kwa umri. Kaka mkubwa na dada anayemfuata wanaiongea bila shida. Wawili wa katikati wanaelewa kila kitu lakini wakiulizwa hujibu kwa Kiswahili. Wa tano anaelewa akiambiwa polepole.

"Mimi nilibakiwa na salamu na matusi," anasema. "Na matusi niliyajua vizuri kuliko salamu."

Hakuna aliyekaa akaamua kuiua. Wazazi wake walihamia nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, ambako mlango huu ulikuwa na lugha yake na mlango ule na yake, na watoto wakikutana uani walicheza kwa Kiswahili. Kisha siku moja kaka mkubwa alirudi kutoka shule na kibao shingoni. Aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao hicho, naye alikivua kwa kumnasa mwenzake. Siku hiyo hakumnasa mtu, akalala nacho.

Baba yao hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kuanzia kesho watoto watasemeshwa Kiswahili, wasije wakaadhibiwa kwa kosa la wazazi wao. Kiwandani kote baba wengine walikuwa wakisema hivyo hivyo, kila mmoja akimhurumia mtoto wake.

Lugha ikabaki ya wakubwa. Baba na mama waliitumia kugombana na kuficha mambo, na watoto walipotokea mlangoni walibadilisha. Fundi anakumbuka kusimama koridoni akitega sikio, akijua kuna habari ndani na yeye hamo.

Wanaoiongea leo hawazidi mia nne, kwa hesabu ya kikundi cha wazee wanaokutana kila Jumapili katika ukumbi wa kukodi. Karibu wote wamepita miaka hamsini. Fundi alianza kuhudhuria mke wake alipokuwa na mimba ya Chiriku. Alisikia hotuba nzuri. Kila msemaji alikumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa, wenzake wakapiga makofi, kisha walipotoka nje wakawaita wajukuu zao kwa Kiswahili.

Kikundi kilikuwa na kamusi, iliyoandaliwa na mtafiti mmoja wa lugha aliyekaa nao miaka mingi. Fundi aliinunua mtoto alipozaliwa, akaifungua kwa hamu. Alikuta majina ya nyasi kumi na tano na hadithi ndefu za wanyama. Alitafuta namna ya kumwambia mtoto ateme, apenge kamasi, ashike ukuta asianguke. Hakuona.

Alimpigia mtafiti, naye akakiri upungufu huo bila kujitetea. Alimweleza kwamba wazee wakiletewa kinasa sauti hujiweka sawa na kutoa hadithi, hakuna anayekumbuka kutoa maneno ya kumwogeshea mtoto. Na hayo, alisema, ndiyo mtoto hujifunzia lugha. Vitabu na kanda huihifadhi, lakini inaendelea kuishi pale tu mtu anapomsemesha mtoto, kila siku, mambo ya kawaida kabisa.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mke wa Fundi, mshonaji wa sare za shule, ni wa lugha nyingine. Alikubali, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi.

"Niliona nitakuwa mgeni kwenye meza yangu mwenyewe," anasema. "Baba na mtoto wanacheka, mimi natazama sahani."

Walielewana kwamba yeye ataongea Kiswahili na mtoto, baba ataongea lugha ya kwao, na jambo linalowahusu wote watatu litasemwa mara mbili. Mwalimu wa chekechea aliwaonya kwamba watamchanganya mtoto. Mtafiti aliwatoa hofu: mtoto kuchanganya maneno ya lugha mbili ni hatua ya kawaida, si ugonjwa, na Kiswahili hakitampita kwa kuwa kipo kila mahali. Lugha ya kuiogopea ni ile yenye mtu mmoja tu wa kuisema naye.

Pigo halisi lilitoka kwa jamaa. Chiriku alikuwa na miaka miwili na nusu walipokwenda kwenye harusi ya ukoo. Baada ya chakula Fundi alisimama kuwashukuru wazee kwa lugha yao. Alitaka kusema ameshiba. Lakini katika lugha ile, neno hilo hilo likisemwa kwa sauti ya kupanda mwishoni lina maana nyingine, naye akautangazia ukumbi kwamba ameiva.

Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Aliyecheka kuliko wote alikuwa shangazi yake. Jioni yote kila aliyempita alimuuliza kama bado yuko jikoni.

"Hawakuwa na ubaya," anasema Fundi. "Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mwanangu."

Tangu siku hiyo hakuisema tena. Miezi minne alimsemesha mtoto kwa Kiswahili kama watu wengine, na hakuna aliyeuliza kulikoni. Mke wake ndiye aliyegundua. Anasema nyumba ilirahisika na hakuipenda ilivyorahisika.

Kisha friji la shangazi likaharibika. Alilileta kwa mkokoteni, akasimama karakanani huku Fundi akilikagua. Bomba lilikuwa ndiyo kwanza limechomelewa, bado la moto. Shangazi, mtu wa kushikashika, alinyoosha mkono.

Nyuma yake sauti ikasema, kwa lugha ya kwao: acha, utaungua.

"Niligeuka kutafuta mtu mzima aliyesema," anasimulia shangazi, mama mwenye umri wa miaka sitini na saba, mstaafu wa kazi ya usafi hospitalini. "Karakana nzima sikumwona. Ndipo nikatazama chini."

Chiriku alikuwa amelisema kwa kosa lile lile la baba yake, sauti juu mahali pa kushuka. Shangazi hakucheka. Alivuta kreti akakaa. Watoto wake wanne aliwalea kwa Kiswahili, wajukuu vivyo hivyo. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtoto mdogo alimsemesha kwa lugha hiyo.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "hili kosa analolisema huyu, alilitoa kwako. Na wewe ulilikosea kwa sababu sisi hatukukusemesha. Sasa nilicheka nini?"

Kesho yake alirudi, ingawa friji lilikuwa halijapona. Tangu hapo huja karakana mara tatu kwa wiki, na sharti ni moja: akiingia, Kiswahili kinabaki nje. Fundi akikosa neno, anaonyesha kwa mikono. Shangazi hamkatizi kumsahihisha, anarudia tu alichosema kwa namna iliyo sawa na mazungumzo yanaendelea. Kuna wateja waliochoka kusubiri huku fundi akiigiza kwa vidole, wakahamia kwa fundi mwingine. Waliobaki wameshajifunza salamu.

Shangazi alilipeleka jambo hilo ukumbini pia. Siku hizi anayemcheka mwanafunzi huosha vikombe vya chai vya mkutano mzima. Mzee mmoja mcheshi, anasema, ameosha mpaka amekuwa hodari.

Baada ya hapo kukatokea tatizo ambalo mtafiti alikuwa ameshawadokezea. Chiriku alipozoea chekechea alianza kuelewa kila kitu na kujibu kwa Kiswahili, kama wale ndugu wawili wa katikati wa baba yake. Hakuona sababu ya kusema lugha ya watu wawili, wote wakubwa. Alihitaji wa kucheza naye.

Shangazi akapita nyumba kwa nyumba kwa wanawe na majirani wa ukoo, akaomba wajukuu. Sasa watoto saba hukusanyika chumba cha nyuma cha karakana, kati ya makompresa mabovu. Hakuna ubao wala kalamu. Wanapika uji, wanafua nguo za wanasesere, wanagombana na kusuluhishwa, yote kwa lugha hiyo. Mtafiti hurekodi, na toleo jipya la kamusi litakuwa na neno la kupenga kamasi.

Wameanza hata kuitengeneza. Wazee walibishana Jumapili tatu juu ya jina la friji, wakapata la maneno manne. Watoto hawakungoja. Walilichukua neno la msimu wa baridi, wakalibandika mwanzoni silabi ya kuonyesha vitu vidogo, likawa neno moja fupi. Shangazi alilikataa wiki nzima. Siku moja Fundi alimsikia akilalamika kwa jirani kwamba kile kibaridi chake kimeanza kuvuja tena, akilitumia lile lile la watoto.

Si kila kitu kinakwenda sawa. Wawili kati ya saba hujibu kwa Kiswahili bado. Wazee watatu wa ukumbini wamefariki mwaka huu, na Fundi anajua kwamba watoto saba si ukoo.

Lakini mke wake ni mjamzito tena. Safari hii shangazi amesema atakuwepo kuanzia siku ya kwanza, na mke ndiye aliyemwomba. Yeye mwenyewe sasa huamuru mtoto avue viatu kwa lugha ya mume wake, kwa lafudhi ya lugha yake mwenyewe, na Chiriku hutii. Chiriku naye ameshatangaza kwamba mtoto akija, yeye ndiye atakayemfundisha kuongea.

Fundi anawasha tena moto wa gesi, anainama nyuma ya friji. Namuuliza anatarajia nini miaka kumi ijayo. Anafikiri kidogo, bomba likianza kuwa jekundu.

"Natamani nyumbani kwangu mimi ndiye niwe naiongea vibaya kuliko wote."