Kutoka Kwenye Kadi ya Mama

Hotelini walimwita Mama Mvuke, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kwenye roli la kupigia pasi, lile dude refu linalomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka, moto, la kukunjwa. Miaka mingi ya kusimama pale ilikuwa imemvimbisha vifundo vya miguu na kumwachia vidole visivyosikia joto. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba chai yake aipoze ya nini, naye anaweza kuikoroga kwa kidole.

Mumewe alikufa watoto wakiwa bado wadogo. Alichobaki nacho ni hiyo kazi, na kazi ilikuja na kitu alichokithamini kuliko mshahara wenyewe: kadi ya bima ya matibabu, yake na ya wanawe wawili. Kwa mwenye watoto wazima kadi ni kadi tu. Kwake ilikuwa pumzi, maana binti yake, kifungua mimba, aliugua kisukari tangu yuko darasa la tatu. Kile cha sindano kila siku, si kile cha wazee cha kuacha soda. Insulini, vijiti vya kupimia damu, kliniki, na kila mwaka daktari wa macho kumchungulia mboni kwa taa: vyote vilipita kwenye kadi ya mama. Binti alikulia humo. Alijidunga mwenyewe tangu ana miaka kumi, akifanya mzaha kwamba yeye ni mtamu kupita kiasi, ndiyo maana mbu wanampenda.

Siku moja afisa utumishi, kijana mwenye tai iliyokazwa mpaka shingo imeiva, aliteremka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia. Mashine zilikuwa zinanguruma, ikabidi apaze sauti.

"Mama, binti yako anatimiza ishirini na mitano mwezi ujao!"

"Unataka kumposa?" Wanawake wakaangua kicheko.

Kijana akacheka naye, kisha akamvuta pembeni, kwenye rundo la taulo. Akamweleza taratibu. Mtoto anabaki kwenye kadi ya mzazi mpaka atimize miaka hiyo. Siku akitimiza, anatoka. Kuna njia moja nzuri: ndani ya mwezi mmoja baada ya kutoka, anaweza kuhamia kwenye bima yake binafsi katika kampuni ile ile, bila kuulizwa habari za afya upya, bila kusubiri. Akichelewa, anahesabiwa mgeni. Na mgeni mwenye ugonjwa wake wa zamani, ugonjwa huo haulipiwi mpaka mwaka mzima upite.

"Mwaka mzima?" Mama Mvuke aliuliza.

"Mwaka mzima, mama. Mwambie asilale."

Akamwambia jioni ile ile, hata kiatu hajavua. Binti alikuwa jikoni anamenya viazi. Wakati huo ndiyo kwanza amepata kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji, idara ya rangi. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya mashine na kusema jekundu hili limezidi, buluu hii imefifia. Alikuwa na jicho la kazi hiyo.

"Mama, tulia basi," alisema. "Kazini wana bima ya wafanyakazi wote. Nikimaliza miezi mitatu ya majaribio, naingia. Na bima ya kazini haiulizi una ugonjwa gani."

"Na hiyo miezi katikati?"

"Dawa ninazo za kutosha. Mwezi wa mwisho nitachukua nyingine kwa kadi yako. Kwa nini nilipie bima ya mwaka mzima kwa ajili ya wiki chache?"

"Basi nitalipa mimi."

Binti aliweka kisu chini. "Mama. Umenibeba vya kutosha. Niache na mimi nijibebe."

Hapo ndipo Mama Mvuke alipoliacha jambo hilo. Mtu amelea mtoto mgonjwa akimwombea siku ya kusimama mwenyewe. Siku hiyo ikifika na mtoto akisema nisimame, amkalishe? Isitoshe hesabu ya binti ilikuwa na mantiki. Mwezi wa kuhamia ukaja, ukapita, na hakuna aliyekwenda kwenye ofisi za bima.

Miezi mitatu ya majaribio ilipokwisha, bosi wa kiwanda aliwaita waajiriwa wapya, akawasifu, akawaambia kazi zimepungua kidogo, majaribio yanaongezwa mitatu mingine. Binti akarudi nyumbani anacheka cheka ovyo.

"Wametuongezea. Kidogo tu."

Mama Mvuke akaomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe kwenye kampuni ya bima. Dada wa dirishani alikuwa na adabu. Alitazama kompyuta, akatikisa kichwa. Dirisha la kuhama limefungwa. Anaweza kuingia kama mteja mpya, kwa malaria au mguu kuvunjika hakuna shida, lakini kisukari na kila kitu kinachotokana nacho, mwaka.

"Si ni huyu huyu mliyekuwa mnamtibu mwaka jana?"

"Ni yeye, mama. Lakini alikuwa kwenye kadi yako."

Hakukuwa na mtu wa kugombana naye. Alirudi kwenye roli, akalisha mashuka mpaka zamu ikaisha.

Nyumbani binti aliendelea kama kawaida, au ndivyo ilivyoonekana. Aliyegundua ni mdogo wake, fundi umeme aliyekuwa anajifunza kazi kwa mjomba. Alikuwa kijana mwenye kelele nyingi, asiyepita mbele ya friji bila kulifungua.

"Mama, hii kalamu ya dawa ya dada," alisema, ameshika mlango wa friji, "mbona haiishi?"

Mama Mvuke alisogea akatazama. Kisha mambo yote aliyokuwa akiyaona bila kuyaona yakajipanga yenyewe: jagi la maji linaloisha kabla ya saa sita, choo kinachovutwa usiku kucha, gauni la kazini lililobanwa kwa pini kiunoni. Alimfuata chumbani, akamkuta amelala na viatu.

"Unajipunja dawa?"

Binti aliinuka, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nakuuliza. Unajipunja?"

"Najidunga nusu," alisema hatimaye, akiutazama ukuta. "Siku nyingine robo. Ni bei mama, sikujua ni bei hivyo. Tulikuwa tunapeleka kadi tu, wanatupa. Mimi sikuwahi kujua."

Mama Mvuke hakumgombeza. Alikwenda akaleta ile kalamu, akasimama mbele yake mpaka akajidunga kipimo kamili, kama alivyokuwa akimsimamia zamani. Kuanzia siku hiyo dawa zilinunuliwa taslimu, kwa mshahara wa mama na vibarua vya mdogo mtu. Nyama ikapotea mezani. Binti akarudisha mwili, nao wakadhani wameliwahi tatizo.

Walichosahau ni macho. Ule uchunguzi wa kila mwaka ulikuwa unakuja wenyewe na kadi. Kadi ilipoondoka, nao ukaondoka, na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Jicho haliumi. Binti mwenyewe hakuona dalili mpaka asubuhi moja kazini, amesimama mbele ya karatasi yenye wino mbichi, vikatokea vidoa vyeusi vikielea kama inzi. Alipangusa karatasi. Akapangusa tena. Mwenzake akamwuliza anapangusa nini. Kufikia mchana jicho la kulia lilikuwa limeshukiwa na pazia jekundu.

Hospitali ya serikali foleni ya macho ilianzia uani. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alimchunguza muda mrefu, kisha akamgeukia Mama Mvuke.

"Vijishipa vya nyuma ya jicho vimepasuka, damu imejaa ndani. Sukari ilipanda sana kwa muda?"

"Ilipanda," alijibu binti mwenyewe.

"Mara ya mwisho kuchunguzwa lini?"

Akasema. Daktari alivua miwani ya usoni. Hakulaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema vijishipa vya namna hiyo vikionekana mapema huchomwa kwa leza kabla havijapasuka. Jicho la kushoto bado linawahika. La kulia watafanya watakavyoweza, lakini foleni ya upasuaji ni ndefu.

La kushoto liliwahiwa, kwa mkopo wa chama cha kukopeshana cha wafuaji wa hotelini. La kulia damu ilikaa, ikaacha makovu, na makovu yakavuta utando wa nyuma ya jicho, ule unaonasa picha, ukang'oka. Mpaka zamu yake ya upasuaji inafika, hapakuwa na cha kuokoa tena.

Kazini walimthibitisha mwezi wa tisa tangu aanze, baada ya majaribio kuongezwa mara nyingine. Ndiyo, walimthibitisha, bosi hakuwa mtu mbaya, na alimhamishia dawati la mapokezi, maana mtu wa jicho moja hawezi tena kuamua jekundu lipi limezidi. Wiki iyo hiyo alipewa kadi ya bima yenye jina lake. Alikuja nayo nyumbani, akaiweka mezani. Hakuna aliyeigusa. Mama Mvuke alikwenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mdogo mtu. Afisa utumishi aliteremka tena. Safari hii hapakuwa na utani.

"Mimi mzima kama chuma," kijana alisema mezani. "Bima ya nini? Mjomba hana bima na yuko hai."

Dada yake aliinua uso kutoka kwenye sahani. Alikuwa na tabia mpya ya kugeuza kichwa chote ili amwone mtu.

"Kesho unaomba ruhusa," alisema. "Tunaenda wote."

"Dada, bado mwezi mzima..."

"Kesho."

Walikwenda watatu. Binti alishika mkono wa mama kwenye ngazi, kwa sababu kingo za ngazi zilikuwa zinampotea. Dirishani aliuliza yeye maswali yote: kadi mpya inaanza siku gani, ya zamani inakoma siku gani, kama kuna hata siku moja katikati isiyo na kitu. Mafundi umeme wananing'inia kwenye nguzo, alisema. Je, akianguka, mfupa unalipiwa tangu siku ya kwanza? Alitaka ajibiwe kila moja, na akataka majibu yarudiwe. Dada wa dirishani alirudia. Hakukuwa na siku katikati. Kijana akatia saini, amenywea, kelele zote zimemwishia.

Nje jua lilikuwa kali. Mdogo mtu alisimama kando ya dada yake, upande wa kulia, akasema, "Asante, dada." Dada aligeuza kichwa, akamtafuta asimwone. Ilibidi kijana azunguke akasimame upande wa pili ndipo dada akamwona.

Mama Mvuke aliwaacha pale, akawahi zamu ya mchana. Mashuka ya ghorofa mbili yalikuwa yanamsubiri, bado yamelowa.