Mtu Aliyesema Naeku Hakumpa Kazi

Naeku ni mtoto wa binti yangu; mimi ananiita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Amepanga chumba Kitengela, na kazi yake yote iko ndani ya laptop aliyochukua kwa mkopo. Watu wanamtumia video, yeye anageuza maneno yawe ya Kimaasai. Hawaonani. Mwenye kazi anaweka pesa kwanza kwa mtandao uliowakutanisha. Inashikwa hapo mpaka kazi ifike na aikubali.

Siku hiyo nilimletea maziwa kutoka Kisaju. Nikamkuta ameketi sakafuni, mikono kichwani.

"Koko, yule mtu wa Nairobi niliyemfanyia video amesema sikumpa kazi. Anataka pesa yake yote irudi."

"Ulimpa?"

"Nilimpa! Video mbili, tena nikamwongezea ya tatu."

Nilishtuka, nikabaki nimeshika mtungi. Deni la laptop lilikuwa la Ijumaa hiyo. Asipolipa wanaichukua, na ikienda, ataandika na nini?

"Mrudishie," nikasema. "Sisi hatubembelezi mtu. Bonyeza, aende na pesa yake."

"Koko! Nikibonyeza nimekubali sikufanya. Imeenda hiyo. Hata nikinyamaza mpaka siku za kujibu walizonipa watu wa mtandao ziishe, imeenda."

Akafungua pale wanapoandikiana, huko huko kwa mtandao. Mimi kusoma ni kwa shida, akanisomea. Video ya kwanza, siku iliyopelekwa na saa. Ya pili, vilevile. Chini yake yule mtu amejibu: "Nimezipata zote. Kazi safi, tumeanza kuzitumia."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Ameandika mwenyewe? Halafu anasema hakuona kitu? Huyu ana mama kweli?"

"Ndiye huyo, Koko."

"Andika hapo kwamba ni mwizi. Andika na mimi nimesema."

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Wanaoamua watasoma hayo matusi pia."

Akaandika maneno machache: tulipatana hivi, nilipeleka siku hii, akajibu hivi. Akaweka na picha ya kila ujumbe. Nikamwuliza mbona ya tatu hajaitaja.

"Hiyo tulipatana kwa simu. Alisema tusisumbue mtandao."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo haiko. Hakuna pesa aliyoiwekea, hakuna mahali imeandikwa."

Nilishtuka kuliko mwanzo. Mtoto amekesha akifanya kazi, na ni kama hakufanya!

Alhamisi, nikiwa kwake tena, jibu likaja. Pesa ya video mbili imeachiliwa. Ya tatu, hakuna. Naeku akalipa deni, laptop ikabaki mezani.

Bado tunakunywa chai, simu ikalia. Mtu huyo huyo! Sauti tamu, ati ako na kazi ingine, wapatane tu hapo kwa simu. Naeku akanitazama, mdomo wazi. Nikamnyang'anya simu.

"Mimi ni nyanya yake," nikamwambia. "Andika huko kwa mtandao, na uweke pesa kwanza."

Nikakata.